Jagi la kwenye skrini linavuja wapi?

Jagi la plastiki likichorwa kwenye kompyuta, mwanzoni huwa halina unene wowote. Mbunifu huchora mstari wa ubavu wake, akauzungusha kwenye mhimili, na papo hapo jagi zima likaonekana, na vivuli vyake juu. Ukilikuza ukatazama ukingo, hakuna plastiki pale. Ni uso mtupu, na hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza kitu chenye unene wa sifuri.

Tuchukue jagi la lita 2, limechorwa kwa programu ya Rhino, ambayo wabunifu wengi wa bidhaa huitumia. Kiwiliwili chake kina nusu kipenyo cha milimita 60 na kimo cha milimita 177 hivi. Mdomo wa kumiminia huchorwa peke yake, halafu husogezwa hadi upenye ubavu wa jagi. Kisha inakuja amri ya `Trim`: sehemu ya ubavu iliyoziba njia ya mdomo inakatwa, na sehemu ya mdomo iliyoingia ndani ya jagi nayo inakatwa.

Kukatwa huku si kwa mkasi. Uso wa awali unabaki mzima kwenye faili. Programu inauwekea tu mpaka na kuficha kilicho nje ya mpaka huo. Ndiyo maana amri ya `Untrim` huweza kukirudisha. Shida iko kwenye mpaka wenyewe. Nyuso mbili zilizopinda zikikutana, mstari wa makutano kwa kawaida hukadiriwa, na kila uso hutunza nakala yake. Nakala hizo hazilingani kabisa. Kwa hiyo programu hupewa pengo la kuvumilia, tuseme milimita 0.001, ambalo ni dogo mno kuliko unene wa unywele. Ukiita `Join`, kingo zilizokaribiana kiasi hicho huhesabiwa kuwa ukingo mmoja. Zilizo mbali zaidi huachwa wazi, hata kama jicho haliuoni ufa.

Kuzitafuta, unaandika `ShowEdges` na kuchagua kingo tupu, yaani zile zenye uso upande mmoja tu. Programu inazipaka rangi kali. Kwenye jagi letu ukingo wa juu utawaka wote, na hilo ni sawa, kwa kuwa jagi liko wazi juu. Lakini kama kipande kifupi kinawaka pale mdomo unapoungana na ubavu, hapo pana kazi.

Wengi hukimbilia `JoinEdge`, amri inayolazimisha kingo mbili zihesabiwe moja. Rangi inazimika na mchoro unaonekana mzima. Pengo la milimita 0.05, hata hivyo, liko palepale, hakuna kilichosogezwa. Litajitokeza baadaye, kona ikikataa kuviringishwa au unene ukigoma kuingia. Dawa ninayoiamini ni ya taabu zaidi: rudisha nyuso zote mbili kwa `Untrim`, refusha ule uliopungua hadi uvuke mwenzake, kisha ukate upya.

Kuunganisha kwanza, unene baadaye. Ukitia unene mdomo na ubavu kila kimoja peke yake, kila uso utasogea kuelekea upande wake, na kwenye kiungo vitaachana au vitapishana.

Amri ya unene ni `OffsetSrf`, chaguo la `Solid` likiwa `Yes`. Mishale inachomoza juu ya uso kuonyesha unene unaelekea wapi, na mishale hiyo isipuuzwe. Plastiki ya milimita 2 ikiingia ndani, nusu kipenyo cha ndani kinabaki 58 na kitako kinapanda. Jagi letu linapoteza takriban mililita 150. Mnunuzi atakuwa ameuziwa lita 1.85. Kwa hiyo tunachagua `FlipAll`, mishale igeuke nje.

Hapo sasa kona ya chini ya mdomo inaleta ukaidi. Ukiitazama kutoka nje, imebonyea, na unene unaoelekea nje unaminya mviringo wake. Kona yenye nusu kipenyo cha milimita 1.5 haina nafasi ya milimita 2: uso mpya unajikunja na kujipita wenyewe. Iviringishe kwa milimita 4 kabla ya kuunganisha, na upande wa nje utabaki na milimita 2.

Kazi ikienda vizuri, uso mwembamba huongezwa kwenye ukingo wa juu kuunganisha ndani na nje, na `ShowEdges` haioni tena ukingo mtupu hata mmoja. Jagi lisilo na kifuniko sasa ni umbo lililofungwa kabisa, kwa maana ya kwamba ngozi ya plastiki yenyewe haina tundu. Kona iliyojikunja, hata hivyo, inaweza kupita ukaguzi huu, maana kujikunja hakuachi ukingo wazi. Hiyo huonekana ukipitisha `ClippingPlane` katikati ya mdomo na kufuata mistari miwili ya unene hadi kwenye kona, ukiangalia kama inakatana.