Aende Leo, Aende Wiki Hii, au Asubiri? Kupanga Malalamiko ya Ngozi Kijijini

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapopita nyumba kwa nyumba, ni nadra amalize siku bila kuonyeshwa ngozi. Huyu ana mapunye, yule anajikuna usiku kucha, mwingine ana baka mgongoni. Kazi yake si kuutambua kila ugonjwa kwa jina. Anachotakiwa kuamua ni nani aende hospitali leo hii, nani aonwe ndani ya wiki, na nani anaweza kupangiwa siku ya zahanati bila haraka.

Wingi wa vipele hudanganya. Upele uliotapakaa mwili mzima unaweza kusubiri, na baka moja dogo lisilosumbua likawa ndilo la kuhangaikia. Ndiyo maana kabla ya kutazama ngozi, mhudumu humtazama mwenye ngozi. Ana homa, amelegea? Macho, mdomo au sehemu za siri zina vidonda? Ngozi inauma kuliko inavyowasha? Na dawa gani ameanza kutumia katika miezi 2 iliyopita?

Chukua mfano wa kijana aliyeanza kumeza Septrin siku 12 zilizopita. Anasema ana homa na macho yanamchoma. Kifuani ana madoa machache tu ya rangi ya zambarau iliyokolea. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mhudumu hausubiri. Anapitisha kiganja kuhisi joto, anagusa taratibu na kuuliza kama panauma, kisha anamwomba kijana afungue mdomo. Midomo imechubuka, na ndani ya mashavu kuna vidonda.

Hiyo ni dharura. Huenda ni sindromu ya Stevens-Johnson, ambapo mwili huipinga dawa kwa ukali mpaka ngozi inababuka. Mara nyingi huanza kati ya siku 4 na wiki 8 tangu dawa ianze kutumika. Kijana hamezi tena Septrin, malengelenge hayapasuliwi, wala hapakwi chochote. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo na pakiti za dawa zote anazotumia. Kuhusu hizo nyingine, za VVU zikiwamo, daktari ndiye ataamua.

Katika kundi hili yumo pia aliyevimba midomo na kupumua kwa shida, mwenye uvimbe wa moto unaosambaa kwa saa chache huku ukimuuma vikali, na mwenye homa na madoa yasiyofifia yakibonyezwa kwa glasi. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye vipele vya usaha naye anapelekwa siku hiyohiyo, hata kama ananyonya vizuri.

Kundi la pili ni gumu zaidi, kwa sababu wagonjwa wake hawalalamiki. Baka lililofifia kuliko ngozi inayolizunguka, lisilowasha wala kuuma, linaweza kuwa ukoma. Mhudumu huchambua nyuzi chache za pamba na kumwonyesha mgonjwa atakavyoguswa. Kisha mgonjwa hufumba macho na kuonyesha kwa kidole kila anapohisi ameguswa. Pamba hugusishwa tu, haiburuzwi. Mgonjwa akionyesha penye ngozi nzima na kukosa kuonyesha kwenye baka, aonwe ndani ya wiki. Dawa za ukoma hutolewa bure. Hata hivyo, kuhisi pamba hakuondoi shaka, hasa kwa mabaka ya usoni au mabaka yakiwa mengi. Mkono ukianza kuishiwa nguvu au jicho kushindwa kufumba, asingoje wiki: mishipa ya fahamu inaharibika.

Wiki hiyohiyo aonwe pia mwenye kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki 4. Kwa mtu mwenye ualbino, kidonda cha namna hiyo usoni, shingoni au mkononi kinaweza kuwa saratani, na kikiwa kidogo hukatwa kwa urahisi.

Lililobaki ni kundi la kawaida: mapunye, chunusi, na upele wa kuwasha usiku kati ya vidole, viunoni na makalioni. Upele huo hutibiwa kwa nyumba nzima siku moja, hata asiyejikuna, na nguo na mashuka hufuliwa siku hiyo. Lakini mtoto mwenye upele uliotunga usaha ahamishiwe kundi la pili. Akiamka uso umevimba, au mkojo ukawa kidogo na mweusi kama chai ya rangi, ni dharura, kwa sababu figo zinaweza kuwa zimedhurika.

Baada ya dawa, muwasho unaweza kuendelea kwa wiki 2 hadi 4 ingawa vidudu vimekwisha kufa. Familia ielezwe hilo mapema, isije ikarudia kupaka dawa kila siku hadi ngozi ikachubuka. Mhudumu akirudi baada ya wiki 4 na kukuta vipele vipya, anauliza kwanza nani wa nyumba ile hakupakwa.