Mwavuli au feni ya simu: pesa iende wapi kabla ya kushuti nje

Simu inayozidiwa na joto hutoa dalili mapema. Kioo kinafifia chenyewe ingawa umekiweka kwenye mwanga wa juu kabisa, tochi inakataa kuwaka, chaji inasimama, video inaanza kukwamakwama. Mwisho kamera inafungwa na unaambiwa uiache simu ipoe. Anayerekodi harusi ya ufukweni Bagamoyo hawezi kumwomba mfungishaji ndoa asubiri, ndiyo maana feni za simu, vifuko vya maji na vizibo vya tundu la chaji vinanunuliwa sana Kariakoo. Vingi kati ya hivyo vinafanya kazi. Tatizo ni kwamba kinachofaa Dodoma kinaweza kukuharibia shughuli Bagamoyo.

Bei za Kariakoo zinategemea siku na mdomo wako, kwa hiyo tarakimu nitakazotaja ni makadirio ya kulinganishia tu.

Joto la simu lina vyanzo viwili: jua linaloipiga, na kazi inayofanyika ndani yake. Apple wanashauri iPhone itumike mahali penye joto lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Februari pwani, hewa ya kivulini peke yake inaweza kufika nyuzi 31 au 32, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo, na simu nyeusi ikikaa juani dakika chache tu inaimaliza. Hapo ndipo mwavuli unapoishinda feni. Mwavuli wa rangi ya fedha wa shilingi 12,000, pamoja na kibanio cha kuufunga kwenye stendi, unaondoa chanzo cha kwanza chote. Kivuli kina faida nyingine pia. Unaona picha bila kupandisha mwanga wa kioo hadi mwisho, na kioo kinachowaka kwa nguvu zote ni miongoni mwa vitu vinavyoichemsha simu zaidi.

Chanzo cha pili hupunguzwa bila kutoa hata senti. Kwa makadirio ya Apple wenyewe, dakika moja ya 4K kwa fremu 60 ni kama MB 400, wakati 1080p kwa fremu 30 ni kama MB 60. Tofauti hiyo inakuonyesha mzigo ambao simu inabeba kila sekunde. Kama video itaishia kwenye simu za ndugu kupitia WhatsApp, sioni sababu ya kuitesa simu yako kwa 4K siku nzima. Weka 4K kwa matukio machache, mengine yote yaende 1080p. Vua kava la silikoni, maana linazuia joto kutoka. Funga kamera kati ya tukio na tukio, kwa sababu inafanya kazi hata kabla hujabonyeza kurekodi. Usichaji huku unarekodi, hasa kwa chaja ya kasi au ile isiyotumia waya. Ukilazimika, chaji polepole wakati wa mapumziko, simu ikiwa kivulini.

Baada ya hayo ndipo feni ijadiliwe. Ziko za aina mbili, na wauzaji wengi wanaziita jina moja. Ya kwanza, ya shilingi 15,000 au 20,000, inapuliza hewa tu mgongoni mwa simu. Haiwezi kuipoza simu chini ya joto la hewa iliyopo, lakini ukiwa kivulini inasaidia. Ya pili, ambayo bei yake huanzia kama 40,000, ina sahani inayopozwa kwa umeme. Ukiigusa baada ya dakika moja inauma kwa baridi, na hapo mnunuzi hulainika.

Baridi hiyo ndiyo ya kuitilia shaka ukiwa pwani. Hewa yenye joto la nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Sahani ikishuka hapo, matone yanajikusanya pembeni mwake, yanateremka mgongoni mwa simu, na kioo cha lenzi kinaweza kuingia ukungu. Umelipa ili kuiletea simu maji siku isiyo na mvua. Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ikiwa nyuzi 29 na unyevu asilimia 40, maji hayatoki mpaka sahani ifike kama nyuzi 14, kwa hiyo huko kifaa hichohicho kinastahili bei yake. Hesabu na umeme. Kinachotumia wati 10 kitaimaliza pawabenki ya mAh 10,000 kwa muda usiofika saa mbili na nusu, maana karibu theluthi ya umeme hupotea njiani. Bei ya kweli basi ni feni pamoja na pawabenki ya pili.

Ukungu wa lenzi hutokea hata bila feni, simu inapotoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kuingia hewa ya baharini. Itie kwenye kifuko cha zipu ukiwa bado ndani ya gari, ifunge, kisha itoe baada ya robo saa, ikishapata joto la nje. Kuipoza simu iliyochemka kwa barafu au friji ni kosa hilohilo kwa njia nyingine.

Kuhusu mvua, kifuko cha plastiki cha kuning'iniza shingoni, cha 5,000 hadi 10,000, kinazuia maji kweli, ila kinafungia joto ndani na kuififisha picha. Nakipa kazi ya kubebea simu wakati mvua imekolea, siyo ya kurekodia. Manyunyu, mwavuli uleule unatosha. Kwa vumbi, kizibo cha silikoni cha tundu la chaji ni cha bei ndogo na kinasaidia. Lenzi ipulizwe kwa pampu ndogo ya mpira kabla ya kufutwa, kwa sababu kitambaa kikipita juu ya mchanga kinakwaruza. Kupuliza kwa mdomo kunaongeza mate tu.

Mwenye shilingi 60,000 na harusi Bagamoyo, basi, anunue mwavuli na kibanio kwa 25,000, feni ya kupuliza kwa 20,000, kifuko kwa 8,000, na kinachobaki kiende kwenye vizibo, pampu na kitambaa. Anayeenda kushuti shambani Dodoma mwezi wa Septemba aongeze pesa apate sahani ya baridi na pawabenki.

Kuna wanaosema simu yao ni IP68, hivyo kifuko cha nini. Tarakimu 6 ina maana vumbi haliingii, 8 kwamba inavumilia kuzama zaidi ya mita moja kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, lakini jaribio hilo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kwa simu mpya. Nyingi tunazonunua ni za mtumba kutoka Dubai, na baadhi zimeshafunguliwa na mafundi wakabadilisha kioo. Gundi ya kuzuia maji ikishakatwa, IP68 ibaki kwenye boksi. Kwenye iPhone, chomoa kitreyi cha laini umulike ndani kwa tochi: alama ndogo ikiwa nyekundu, maji yalishaingia. Udhamini wa kawaida haulipii uharibifu wa maji hata simu ikiwa mpya.

Simu ikikuonya kuna unyevu kwenye tundu la chaji, chomoa waya, iinamishe tundu likitazama chini, igonge taratibu kwenye kiganja, uiache penye upepo angalau nusu saa kabla ya kujaribu tena. Inaweza kuchukua hata siku nzima. Usiizike kwenye mchele: Apple wanakataza, kwa sababu chembe zake zinaweza kuingia ndani na kuiharibu.