Asilimia 2.5 inaweza kuwa ghali kuliko asilimia 3.5: jinsi ya kujua gharama halisi ya mkopo kwa mwaka

Msimu wa kufunga mzigo mkubwa ukikaribia, simu za maofisa mikopo nazo zinaongezeka. Kila mmoja anakutajia asilimia yake, na sisi wauzaji wa mtandaoni tunakimbilia asilimia ndogo. Leo nataka tuone kwa nini hiyo namba peke yake haitoshi.

Mimi nauza mikoba. Nilipotaka kuongeza mzigo niliulizia sehemu mbili mkopo wa 1,200,000 wa kulipa kwa miezi 12. Sehemu ya kwanza waliniambia riba 2.5% kwa mwezi. Sehemu ya pili wakaniambia 3.5% kwa mwezi. Ukisikia hivyo unaona jibu liko wazi, nenda kwa wa 2.5%. Ila kabla ya kusaini niliomba ratiba ya marejesho kwa wote wawili, ile karatasi inayoonyesha kila mwezi unalipa nini. Hapo ndo mambo yakabadilika.

Sehemu ya kwanza riba yao ni isiyopungua, wenyewe wanaiita flati. Wanachukua 2.5% ya mkopo wote, yaani 30,000, halafu wanakutoza hiyo hiyo kila mwezi mpaka mwisho. Rejesho ni 100,000 ya mkopo jumlisha 30,000 ya riba, sawa na 130,000. Kwa miezi 12 riba yote ni 360,000.

Angalia vizuri mwezi wa 12. Deni lililobaki ni laki moja tu, lakini bado unatozwa 30,000, kama vile milioni 1 na laki 2 yote ungali nayo mkononi.

Sehemu ya pili riba yao inapungua, wengi wanaiita ridyusing. Wanatoza 3.5% ya deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza deni ni 1,200,000, kwa hiyo riba ni 42,000. Rejesho lao ni kama 124,200 kila mwezi, hivyo 82,200 inapunguza deni. Mwezi wa pili riba inashuka kuwa kama 39,100. Inaendelea kushuka hivyo, na mwezi wa 12 ni kama 4,200 tu. Riba yote kwa mwaka inafika kama 290,000.

Kwa hiyo mkopo wa "3.5%" una nafuu ya kama 70,000 kuliko wa "2.5%". Mimi mkoba mmoja unaniachia faida ya 7,000. Hiyo tofauti ni faida ya mikoba 10, na hapo hujahesabu muda wa kupiga picha, kujibu wateja na kutuma bodaboda.

Sasa tutalinganishaje? Ni kuileta mikopo yote kwenye kipimo kimoja, ambacho ni gharama ya mwaka juu ya deni ambalo kweli unalo.

Hesabu ya haraka unaweza kuifanya kichwani ukiwa umekaa mbele ya ofisa. Kwenye ule mkopo wa flati, mwezi wa kwanza unatumia 1,200,000, wa pili 1,100,000, unashuka hivyo mpaka mwezi wa mwisho unatumia 100,000. Wastani wake ni 1,200,000 jumlisha 100,000, gawa kwa 2, sawa na 650,000. Maana yake umelipa riba ya 360,000 kwa kutumia wastani wa 650,000. Gawa 360,000 kwa 650,000, unapata kama 55% kwa mwaka. Sio 30% unayoipata ukizidisha 2.5 mara 12.

Hesabu hii inazidisha kidogo. Inachukulia deni linashuka laki moja sawasawa kila mwezi, wakati kihalisia marejesho ya mwanzo yanabeba riba nyingi zaidi na deni linashuka taratibu. Ukitaka namba kamili, fungua Google Sheets kwenye simu, gusa kiboksi kimoja na uandike hivi:

```
=RATE(12,-130000,1200000)*12
```

12 ya kwanza ni idadi ya marejesho. 130000 ni rejesho la mwezi, na lazima uweke alama ya kutoa mbele yake kwa sababu ni hela inayotoka kwako. 1200000 ni hela uliyopokea. Ile 12 ya mwisho inabadilisha riba ya mwezi kuwa ya mwaka. Jibu litakuja kama 0.51 au 51%, yaani kama 51% kwa mwaka. Ule mwingine wa 3.5% inayopungua ni 42% kwa mwaka. Sasa unalinganisha vitu vinavyofanana.

Kama marejesho yako ni ya kila wiki, weka idadi ya wiki badala ya miezi, weka rejesho la wiki, na mwishoni zidisha kwa 52.

Jambo la pili ni makato ya mwanzo. Ada ya fomu, bima ya mkopo na vitu kama hivyo mara nyingi vinakatwa kabla hujapewa hela. Tuseme kwenye ule wa flati wanakata 36,000. Kwenye karatasi umekopa 1,200,000, lakini kwenye simu imeingia 1,164,000. Basi kwenye fomula weka hela iliyoingia, usiweke iliyoandikwa:

```
=RATE(12,-130000,1164000)*12
```

Hapo inapanda kutoka 51% mpaka kama 58%. Makato yanayoonekana madogo yameongeza pointi zaidi ya 6. Fanya hivyo hivyo kwa kila sehemu unayoulizia, maana mwenye riba nafuu anaweza kuwa na makato makubwa.

Jambo la tatu ni kumaliza mapema. Biashara yetu ina msimu, mzigo unaweza kuisha ukataka kufuta deni mwezi wa sita. Kwenye ule wa riba inayopungua, baada ya marejesho 6 deni linabaki kama 662,000, unalipa hiyo yanaisha. Kwenye flati uliza kabla ya kusaini: "Nikimaliza mapema, riba ya miezi iliyobaki mnaifuta?" Wakisema haifutwi, utadaiwa 780,000, ikiwemo riba ya miezi 6 ambayo hutatumia hela yao. Wakisema inafutwa, utadaiwa 600,000 tu, na hapo flati hii inakuwa nafuu kuliko ule mwingine: riba uliyolipa ni 180,000, wakati kule ni kama 207,000. Kwa hiyo flati sio mbaya siku zote, inategemea jibu la swali hilo. Hakikisha jibu limeandikwa kwenye mkataba.

Kama ofisa hakuambii ni riba ya aina gani, ratiba itakuambia. Tazama safu ya riba. Ikiwa namba ni ile ile mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho, ni flati. Ikiwa inashuka kila mwezi, ni inayopungua. Ukinyimwa ratiba, usisaini, kwa sababu bila hiyo huwezi kujua unachonunua.

Kwa hiyo ukienda kuulizia mkopo, rudi na vitu vitatu: hela itakayoingia mkononi, rejesho lenyewe, na idadi ya marejesho. Asilimia waliyokutajia huihitaji kabisa, utaipata ya kweli mwenyewe kwenye simu yako. Mwenye namba za mikopo miwili anayeshindwa kulinganisha aziweke hapo chini kwenye komenti, bila jina la taasisi, tupige hesabu pamoja.