Mtetemo wa Saa Nne Asubuhi

Saa moja asubuhi fundi cherehani anakunywa kikombe kikubwa cha chai ya rangi chenye vijiko vinne vya sukari, anakula slesi nne za mkate mweupe zilizopakwa jemu, na akifika kibandani anafungua soda baridi. Anashona kwa nguvu, huku akipiga soga na wateja. Ikifika saa nne kasorobo, uzi unakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Vidole vinatetemeka. Jasho linamtoka shingoni ilhali feni inazunguka, moyo unadunda, na njaa imemshika ghafla, ile njaa isiyokubali kusubiri. Jirani anasema hivyo ni vidonda vya tumbo. Mwingine anasema presha. Fundi anamtuma kijana dukani akalete soda nyingine, na baada ya robo saa ametulia.

Fundi huyu nimemtunga, lakini wasomaji wengi watamtambua. Ajabu ya hali yake ni kwamba mtu aliyekula sukari nyingi kiasi hicho anaweza kuishiwa sukari kwenye damu kabla ya saa tatu kupita.

Tuanze na kiasi chenyewe. Damu yote ya mtu mzima ni lita tano hivi, na ndani yake, wakati hajala, huwa kuna sukari ya gramu tano tu au karibu yake. Hiyo ni sawa na kijiko cha chai kimoja. Soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30, nayo ni maji matupu kwa tumbo: haihitaji kusagwa, inateremka utumboni upesi na kuingia damuni upesi. Mkate mweupe nao hauchelewi sana kugeuka sukari. Kwa hiyo asubuhi ile damu ya fundi ilivamiwa na mzigo uliozidi mara nyingi kile inachokibeba kwa kawaida.

Kazi ya kuuondoa mzigo huo ni ya kongosho, ambalo hutoa homoni iitwayo insulini. Insulini huiamuru misuli na mafuta ya mwili yafyonze sukari, na papo hapo hulizuia ini lisitoe sukari iliyo kwenye akiba yake. Kongosho lenye afya hutoa insulini kwa mikupuo miwili. Wa kwanza hutoka dakika chache tu baada ya mtu kuanza kula, kutoka kwenye akiba iliyokwisha kutengenezwa. Wa pili hufuata polepole, kulingana na sukari inavyoendelea kuingia.

Hapo kwenye mkupuo wa kwanza ndipo mambo huharibika kwa baadhi ya watu. Ukiwa dhaifu au ukichelewa, sukari hupanda juu kuliko ilivyopaswa, na kongosho hujibu kwa kumwaga insulini nyingi baadaye. Tatizo ni kwamba chakula cha majimaji na sukari hakidumu utumboni. Kinapokwisha kuingia damuni, insulini bado inafanya kazi kwenye misuli, na ini bado limefungwa mdomo. Sukari inaendelea kutoka damuni bila nyingine kuingia. Hiyo ndiyo sababu dalili huja saa mbili hadi nne baada ya kula.

Sasa mtetemo wenyewe. Wengi hudhani mikono hutetemeka kwa kukosa nguvu, lakini sivyo. Ubongo hutegemea sana sukari ya damu, kwa hiyo mwili una walinzi wanaoamka mapema. Sukari ikishuka, kongosho hutoa homoni nyingine, glukagoni, inayoliamuru ini lifungue akiba. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, ile ile inayokushika ukikutana na nyoka njiani. Adrenalini ndiyo inayotetemesha vidole na kudundisha moyo, na mishipa ya fahamu inayofanya kazi pamoja nayo ndiyo inayotoa jasho na kuamsha njaa. Fundi anahisi king'ora. Na kwa kawaida king'ora hicho hufanikiwa: hata asipokunywa kitu, ini huirudisha sukari mahali pake. Soda ya pili inaharakisha tu nafuu, kisha inaanzisha safari ile ile upya, na saa saba mchana anaweza kujikuta anatetemeka tena.

Daktari Mmarekani Seale Harris aliandika juu ya hali hii mwaka 1924, miaka michache tu baada ya insulini kugunduliwa Toronto. Aliona watu wasio na kisukari wakiwa na dalili kama za wagonjwa waliozidishiwa sindano ya insulini. Baadaye jina la ugonjwa likawa maarufu kupita kiasi, kila uchovu ukaitwa kushuka kwa sukari. Kosa moja lilikuwa kipimo. Watu walinyweshwa maji ya glukosi na kupimwa kwa saa kadhaa, na baadhi ya wenye afya kabisa walishuka chini bila kuhisi lolote. Wengine walitetemeka huku sukari yao ikiwa sawa.

Ndiyo maana madaktari bado wanafuata masharti matatu ya daktari wa upasuaji Allen Whipple: dalili ziwepo, sukari iwe chini wakati huo huo wa dalili, na dalili ziondoke sukari ikipanda. Kwa mtu asiye na kisukari, chini maana yake ni pungufu ya 3.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Fundi wetu akipata kipima sukari cha kidole, apime akiwa anatetemeka, kabla hajagusa soda. Anawe mikono kwanza, maana jemu iliyobaki kidoleni itamdanganya. Vipimo vya kidole havina uhakika mkubwa huko chini, kwa hiyo namba ndogo ithibitishwe maabara. Akipata 2.7, tuhuma ina msingi. Akipata 5.1, atafute sababu nyingine: wasiwasi, tezi ya shingo, au hata kahawa.

Sababu zenyewe hutofautiana. Kwa wengine haipatikani yoyote. Kwa wengine ni dalili ya mapema ya kisukari cha aina ya pili, kwa kuwa udhaifu wa mkupuo ule wa kwanza huanza kabla ugonjwa haujajitokeza. Na waliopunguzwa tumbo kwa upasuaji hupata hali hii kwa nguvu zaidi, kwa sababu chakula chao huteremka utumboni kwa kasi.

Kwa fundi, dawa ya kwanza ipo mezani. Soda ya asubuhi iondoke, chai ipate kijiko kimoja, na mkate uandamane na maharage au mayai mawili. Protini, mafuta na nyuzinyuzi hulichelewesha tumbo kumwaga chakula, sukari ikapanda mlima mfupi badala ya mrefu. Saa nne ale karanga kiganja kimoja au chungwa zima, si juisi yake. Mtetemo ukimshika hata hivyo, ale kitu kitamu kidogo pamoja na kitu kizito.

Yote haya yanamhusu mtu asiyetumia dawa za kisukari. Anayezitumia akitetemeka asisubiri ini limwokoe. Anywe sukari mara moja. Na kama dalili zinakuja usiku wa manane, au hujala tangu jana, au unachanganyikiwa na kuzimia, hilo si tatizo la chai na jemu. Nenda hospitali.