Farasi 35 zilizotolewa kwa makusudi

Chukua Toyota Corolla Fielder mbili za miaka ya 2013 na 2014, moja ya petroli tupu na nyingine ya haibridi. Ya kwanza ina injini ya 1NZ-FE, ya pili ina 1NZ-FXE. Ni ndugu wa tumbo moja: silinda nne, pistoni za upana uleule, ujazo uleule wa sentimita za ujazo 1,497. Lakini ile ya petroli tupu hutoa nguvu za farasi 109, na ya haibridi hutoa 74 tu. Mnunuzi akisoma karatasi ya gari anaweza kudhani amepunjwa. Hakupunjwa. Wahandisi walizitoa zile farasi 35 kwa makusudi, na walichopata badala yake ndicho kinachofanya haibridi ipite vituo vingi vya mafuta bila kusimama.

Ili kuona biashara hiyo ilivyofanyika, turudi kidogo nyuma. Mwaka 1876, huko Ujerumani, Nikolaus Otto alikamilisha injini ya mapigo manne ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa karibu kila gari la petroli. Pistoni inashuka na kuvuta mchanganyiko wa hewa na mafuta; inapanda na kuubana; plagi inatoa cheche, gesi inawaka na kuisukuma pistoni chini; kisha pistoni inapanda tena na kutoa moshi. Katika mapigo hayo manne ni moja tu linaloleta kazi, lile la gesi kutanuka. Mengine matatu yanakula.

Siri ya ufanisi imo kwenye mbano. Gesi ikibanwa sana kabla ya kuwaka, baadaye hupata nafasi ya kutanuka sana, na kadiri inavyotanuka ndivyo joto lake linavyogeuka kuwa kazi badala ya kutupwa nje. Kwa hesabu ya darasani, injini ya Otto inayobana gesi mara kumi ingeweza kugeuza asilimia 60 ya joto kuwa kazi. Injini halisi hupata karibu nusu ya hiyo au zaidi kidogo, maana joto jingine hupotelea kwenye kuta za silinda, kwenye msuguano na kwenye ekzosi. Kwa nini basi tusibane mara ishirini? Kwa sababu petroli haivumilii. Mchanganyiko ukibanwa kupita kiasi hupata moto mkali, sehemu yake ikajiwasha yenyewe bila kungoja zamu yake, na dereva akasikia injini ikigonga. Kugonga huko kukiendelea hutoboa pistoni.

Rudolf Diesel alilikwepa tatizo hilo kwa njia nyingine kabisa. Katika injini yake, iliyofanya kazi vizuri mwaka 1897 huko Augsburg, kinachobanwa ni hewa peke yake. Hewa bila mafuta haiwezi kugonga, kwa hiyo unaweza kuibana mara 15 hadi 20. Aliyewahi kujaza upepo kwenye tairi la baiskeli anajua jinsi mwisho wa pampu unavyochemka. Ndani ya silinda ya dizeli hewa hupita nyuzi joto 500, na nozeli inapopuliza mafuta huwaka papo hapo bila plagi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Kwa mbano uleule, mzunguko wa Otto unaushinda wa Diesel kwa ufanisi, kwa sababu katika dizeli mafuta huendelea kuungua huku pistoni tayari imeanza kushuka, na yale yanayochelewa kuungua hayapati nafasi kamili ya kutanuka. Dizeli hushinda kwa kuwa inaruhusiwa kubana zaidi, na kwa sababu nyingine inayoonekana zaidi barabarani: haina kilango cha kuizuia hewa. Injini ya petroli ikitakiwa kufanya kazi ndogo, tuseme kwenye foleni, kilango cha hewa hufungwa karibu chote, na pistoni zinahangaika kuvuta hewa kupitia upenyo mdogo. Sehemu ya mafuta yako inaungua kwa ajili ya kunyonya tu. Dizeli huvuta hewa kwa uhuru na kupunguza mafuta peke yake. Ndiyo maana lori likiwa tupu halili mafuta kwa kiasi cha kutisha.

Sasa tuje kwa wa tatu, Mwingereza James Atkinson. Katika miaka ya 1880 hataza za Otto zilikuwa zimewabana watengenezaji wengine, na Atkinson alitafuta njia ya kuzizunguka. Alichoona ni hiki: katika injini ya Otto, pistoni inapofika chini na valvu ya moshi kufunguka, gesi ndani bado ina shinikizo mara kadhaa ya hewa ya nje. Ile sauti ya mlipuko unayoisikia kwenye ekzosi iliyotoboka ni kazi inayotupwa. Kama pistoni ingeendelea kushuka kidogo tu, ungeivuna. Basi akaunda injini yenye vyuma vya kupindapinda vilivyofanya pigo la kutanuka liwe refu kuliko pigo la kubana. Ilifanya kazi, ila vyuma vile vilikuwa vingi na vizito, na injini ikabaki kumbukumbu ya wahandisi kwa karibu karne nzima.

Toyota walipoitoa Prius nchini Japani mwishoni mwa mwaka 1997, hawakuvirudisha vyuma vile. Walitumia ujanja wa valvu. Pistoni inashuka na kuvuta mchanganyiko kama kawaida, kisha inaanza kupanda huku valvu ya kuingizia ikiwa bado wazi. Sehemu ya kile kilichoingia inarudishwa kwenye bomba la kuingizia, ambako silinda nyingine itakivuta. Valvu ikishafungwa ndipo kubana kunapoanza.

Tuifanyie hesabu ile FXE. Gawanya 1,497 kwa silinda nne: kila pistoni inasafisha nafasi ya sentimita za ujazo 374. Uwiano wa injini hii kwenye karatasi ni zaidi ya 13. Tuchukue 13 kamili ili hesabu iwe nyepesi. Hiyo ina maana nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni sentimita za ujazo 31 hivi, na pistoni ikiwa chini kabisa ni 405. Tuseme valvu inafungwa pistoni ikiwa imeshapanda robo ya safari yake. Nafasi iliyobaki wakati huo ni 312. Kwa hiyo gesi inabanwa kutoka 312 hadi 31, yaani mara kumi, kiwango ambacho petroli ya kawaida inakivumilia bila kugonga. Ikishawaka, inatanuka kutoka 31 hadi 405, yaani mara 13. Umebana kwa kumi, umevuna kwa 13.

Na kuna faida ya pili ndani yake. Kwa kuwa injini inapunguza mchanganyiko kwa kuurudisha, kilango cha hewa kinaweza kukaa wazi zaidi, na ule unyonyaji unaoitesa petroli kwenye kazi ndogo unapungua. FXE imeazima kitu kidogo kutoka kwa dizeli. Kwa njia hii pamoja na maboresho mengine, Toyota walitangaza kwamba injini ya Prius ya mwaka 2015 inafikia ufanisi wa asilimia 40 katika hali yake bora, kiwango ambacho zamani kilikuwa cha dizeli.

Bei yake umeshaiona. Silinda yenye ujazo wa 374 inachoma mchanganyiko wa 280 hivi, kwa hiyo injini ya lita moja na nusu inakuwa na pumzi ya injini ndogo zaidi, huku imebeba uzito uleule. Msokoto wake wa juu ni nyutonimita 111, wakati FE inapita 130, na upungufu huo unauma zaidi mizunguko ikiwa ya chini, wakati wa kuondoka kwenye taa. Ukiiweka FXE peke yake kwenye gari lenye gia za kawaida, dereva atalalamika siku ya kwanza.

Hapo ndipo mota ya umeme inapoingia. Mota ya Fielder ya haibridi ina msokoto wa nyutonimita 169, na huutoa tangu tairi likiwa halijazunguka hata mara moja. Inaziba pengo mahali palepale injini ilipo dhaifu. Zaidi ya hapo, kati ya injini, mota na matairi kuna gia za sayari zinazoiruhusu injini ichague mwendo wake bila kutii spidi ya gari. Kompyuta huiweka kwenye mzunguko unaokula mafuta kidogo, ziada inachaji betri, na gari likisimama au kutambaa injini inazimwa. Atkinson alipata mteja wake miaka mia baadaye: gari lisiloitaka injini ifanye kila kitu.

Msomaji atauliza, kwa nini basi wasiunganishe mota na dizeli? Imejaribiwa; Peugeot waliuza 3008 ya namna hiyo kuanzia mwaka 2011. Lakini fikiria faida kubwa ya dizeli ilikuwa wapi: kwenye kazi ndogo, isiyo na kilango cha hewa. Haibridi huizima injini wakati wa kazi ndogo, kwa hiyo faida hiyo inakosa mahali pa kuonekana. Kinachobaki ni gharama: bloku nzito inayostahimili mbano mkubwa, pampu na nozeli za bei, vichujio vya masizi vinavyotaka moshi wa moto wakati injini inazimwa kila baada ya dakika mbili. Unalipa mara mbili kwa kitu kimoja.

Kwa mafundi kuna tahadhari moja. Ukipima kompresheni ya FXE kwa geji, usitegemee namba uliyoizoea kwenye FE. Valvu inafungwa kwa kuchelewa, hewa inatoroka, na geji itasoma chini sana hata injini ikiwa mpya. Kuna injini nzima zinazofunguliwa kwa kudhaniwa zimekufa ringi. Linganisha silinda na silinda, na ufuate kiwango cha kitabu cha FXE yenyewe.

Na kwa dereva kuna mpaka usiopitika. Betri ya Fielder ya haibridi inabeba chini kidogo ya kilowati-saa moja, na kompyuta huruhusu sehemu tu ya hiyo itumike. Ukipanda Kitonga, mlima ule wa barabara ya Iringa, ukiwa na abiria watano na mizigo, mota ikivuta kilowati 15 itamaliza akiba hiyo ndani ya dakika mbili hivi. Kutoka hapo unapandishwa na farasi 74, injini inalia juu na spidi haiongezeki. Gari si bovu. Limefika mwisho wa lile lililojengewa. Betri iliyozeeka huleta hali hiyohiyo hata kwenye kilima kifupi cha mjini.

Kwa hiyo anayeshinda kwenye foleni za Dar es Salaam au Nairobi hana injini bora kuliko hii kwa bei hiyo, na anayepandisha mzigo milimani kila wiki atafute dizeli. Ukienda kununua ya haibridi, kabla hata ya kusikiliza mlio wa injini, mwombe fundi mwenye kompyuta akusomee hali ya betri, bloku kwa bloku.