Saba na ngapi ni kumi?

Mpe mtoto wa darasa la kwanza swali la 8 + 5, kisha mtazame vidole. Wengi huhesabu nane, wakahesabu tano, halafu wakarudi kuanza moja mpaka kumi na tatu. Jibu ni sahihi, lakini akikutana na 38 + 5 vidole vitamwishia. Anayejua kwamba 8 inahitaji 2 ili ifike 10 huimega ile 5: mbili zinakamilisha kumi, tatu zinabaki. Kwa 38 hufanya vivyo hivyo, anafika 40, kisha 43.

Jozi za kumi za kukariri ni chache: 0 na 10, 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5.

Vidole vinafaa kuanzia. Mtoto anyooshe vyote kumi, kisha aambiwe akunje vitatu. Vilivyosimama ni vingapi? Mwanzoni atavihesabu kimoja kimoja, na aachwe avihesabu. Akishazoea ataona kwamba mkono mmoja umebaki mzima, yaani tano, na wa pili umebaki na viwili. Ni saba, bila kuhesabu.

Kuna kosa moja la kuangalia sana. Akiulizwa saba na ngapi ni kumi, mtoto hutaja “saba, nane, tisa, kumi” huku akinyoosha kidole kwa kila neno, kisha anajibu nne. Majibu yakizidi kwa moja kila mara, basi anahesabu hata namba aliyoanzia.

Hapo ndipo fremu ya kumi inaposaidia: safu mbili za nafasi tano tano. Trei ya mayai 30 ikikatwa kila safu mbili za matundu matano hutoa fremu tatu. Mtoto aweke vizibo saba vya soda, ajaze kwanza safu ya juu kuanzia kushoto. Akivitawanya ovyo atalazimika kuhesabu upya. Matundu matupu matatu anayaona kwa macho.

Kisha shanga kumi, tano nyekundu na tano nyeupe, kwenye uzi mrefu kidogo ili zisogee. Mwalimu asukume nyekundu nne pembeni, azifunike zilizobaki kwa kiganja na kuuliza: “Nimeficha ngapi?” Nyekundu moja na nyeupe tano, sita. Uzi huohuo unaonyesha 4 + 6, 6 + 4, 10 − 4 na 10 − 6, kwa hiyo kutoa hakuhitaji somo geni.

Zoezi

1. 9 + __ = 10
2. __ + 4 = 10
3. 10 − 7 = __
4. Fremu ina vizibo 8. Matundu matupu ni __
5. 9 + 6 = 9 + 1 + __ = __

Majibu: 1, 6, 3, 2, 5 na 15. Akikwama swali la tano pekee, jozi anazijua. Arudi kwenye fremu mbili, ahamishe kizibo kimoja kutoka kwenye sita kukamilisha tisa.