Kwa nini rekodi za mvua Songea haziishi, ingawa zinazidi kuchelewa?

Songea, kama sehemu kubwa ya Mkoa wa Ruvuma, hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mvua hupimwa kwa milimita, na mwisho wa msimu hujumlishwa. Tuseme leo tunafungua daftari jipya la vipimo. Je, katika miaka ijayo rekodi ya msimu wenye mvua nyingi kuliko yote itavunjwa mara ngapi? Na je, kuna siku itawekwa rekodi isiyovunjwa tena?

Tuanze na dhana moja: hali ya hewa haibadiliki, na mvua ya mwaka mmoja haitegemei ya mwaka mwingine. Mwaka wa kwanza ni rekodi bila ubishi, kwa kuwa hauna wa kushindana nao. Mwaka wa pili una nafasi nusu kwa nusu ya kuupita wa kwanza. Ukifika mwaka wa tatu, miaka yote mitatu ina haki sawa ya kuwa na mvua kubwa zaidi, hivyo nafasi ya huo wa tatu kuwa rekodi ni theluthi moja. Wa nne una robo. Mwaka wa 100 una sehemu moja tu kati ya 100.

Idadi ya rekodi tunazotarajia kwa wastani ni jumla ya nafasi hizo: 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4, na kuendelea. Wanahisabati huuita mfululizo wa hamoniki. Miaka 4 inatupa rekodi 2 na kidogo. Ili tufike rekodi 3 tunahitaji miaka 11, rekodi 4 miaka 31, na rekodi 5 miaka 83. Kwa kasi hiyo ya kinyonga, ni rahisi kudhani kwamba jumla itagota mahali fulani.

Lakini haigoti. Sababu yake ilielezwa katika karne ya 14 na msomi Mfaransa, Nicole Oresme, na haihitaji zaidi ya kujumlisha. Weka kando 1 na 1/2. Chukua 1/3 na 1/4 kwa pamoja. Theluthi ni kubwa kuliko robo, kwa hiyo jumla ya hizo mbili inazidi robo mbili, yaani nusu. Chukua zinazofuata nne, kuanzia 1/5 hadi 1/8. Hakuna iliyo ndogo kuliko 1/8, na 1/8 mara nne ni nusu. Basi kundi hili nalo linazidi nusu. Nane zinazofuata, hadi 1/16, vilevile. Kila kundi lina namba mara mbili ya lile lililotangulia, na kila kundi linaongeza zaidi ya nusu. Makundi hayaishi, na nusu zikijumlishwa bila kikomo hupita namba yoyote utakayoitaja. Kupita rekodi 10 kunahitaji miaka 12,367, lakini tutazipita.

Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba vinavyojumlishwa vikipungua, basi jumla lazima iwe na mwisho. Wakati mwingine ni kweli. Mtu akitia kwenye pipa debe moja la mahindi, kisha nusu debe, kisha robo, kisha nusu ya robo, kila mara akikata kwa nusu, hatafikisha madebe mawili hata akitia milele. Tofauti ni kasi ya kupungua. Katika mahindi yale kila kipimo ni nusu ya kilichotangulia. Katika mvua, nafasi ya mwaka wa 100 inakaribia kulingana na ya mwaka wa 99. Hupungua, lakini hupungua polepole mno kiasi kwamba wingi wake hufidia udogo wake.

Hesabu hii inatusaidia pia kuikagua ile dhana tuliyoanza nayo. Katika daftari la miaka 100 tunatarajia rekodi 5 hivi. 3 au 7 si ajabu, kwa kuwa bahati ina nafasi yake. Zikiwa 12, kuna jambo. Basi hesabu rekodi tena kwa kurudi nyuma, ukianzia mwaka wa mwisho kwenda wa kwanza. Kama hali ya hewa ni ileile, mwelekeo wa kuhesabu haupaswi kuleta tofauti kubwa. Rekodi zikiwa nyingi kwa kwenda mbele na chache kwa kurudi nyuma, hiyo ni dalili kwamba mvua zenyewe zinaongezeka, au kwamba kifaa cha kupimia kilihamishwa au kilibadilishwa katikati. Ni vizuri kuliuliza hilo la kifaa kwanza.